Acheni Kutusomea Sivii

Jioni ile nilivaa shati la kuazima. Kutoka Githurai hadi mjini nilikuwa nakariri hotuba yangu ndani ya matatu, midomo ikicheza bila sauti, mpaka konda akaniuliza kama niko sawa. Ilikuwa hotuba ya dakika 5 hadi 7, na mada yake ilikuwa jinsi ya kudai pesa zako kwa mteja anayekupiga chenga. Hiyo ndiyo fani yangu hasa. Ninawaandikia watu, watu hawalipi, ninawafuata. Kama kuna kitu hapa duniani ninachoweza kukisema bila kushika karatasi, ni hicho.

Mtambulishaji wa siku hiyo hakuwa amenipigia simu wiki nzima. Alinipata kwenye meza ya chai, dakika 10 kabla ya mkutano kuanza, kalamu mkononi na kijitabu kimefunguliwa.

“Umesomea nini, na wapi?”

Nikamwambia niliacha chuo mwaka wa tatu.

Akanitazama vile watu hutazama mtu aliyefiwa. Kisha akanipiga bega. “Usijali, nitapanga.”

Na kweli alipanga. Alisimama pale mimbarini akasema kwamba msemaji wa pili ni kijana msomi, mhitimu wa chuo kikuu, mwandishi shupavu ambaye hahitaji kutambulishwa, halafu akaendelea kunitambulisha kwa dakika tatu. Makofi yakalia. Kutoka kiti changu hadi mimbarini ni kama hatua 12, na ndani ya hizo hatua 12 nilikuwa na kazi moja tu, kuamua kama naingia kwenye hotuba yangu nikiwa nimebeba uongo wa mtu mwingine, au namkosoa mbele ya watu. Nikachagua la pili. Neno langu la kwanza mbele ya ukumbi likawa, “Kwanza, mimi sijahitimu.”

Walicheka. Kisha wakaona sitanii, wakanyamaza vibaya. Nikajikuta naeleza habari za karo, za mzee nyumbani, za kwa nini sikurudi, mambo ambayo sikuwa nimepanga kumwambia yeyote siku hiyo. Dakika moja na nusu ikaenda. Taa nyekundu iliponiwakia dakika ya 7 nilikuwa nimemaliza hatua ya pili kati ya tatu za kudai deni. Ya tatu ndiyo huleta pesa. Watu wa ukumbi ule hawajaisikia hadi leo.

Sikuandika haya ili kumsuta yule ndugu. Moyo wake ulikuwa safi, alitaka nionekane mtu. Na hapo ndipo kidonda kilipo. Aliamini kazi yake ni kunifanya nionekane mtu, kana kwamba bila yeye, nikiwa nimekaa pale na shati langu, sikuwa mtu bado. Na si yeye peke yake anayeamini hivyo. Ni karibu sote tunaoingia kwenye vilabu hivi vya kuhutubu.

Kwa wale ambao hawajawahi kuhudhuria, mambo huwa hivi. Vilabu vingi vya aina hii hufuata desturi iliyotokana na Toastmasters, chama alichokianzisha Ralph Smedley mjini Santa Ana, California, mwaka 1924. Watu hukutana, mara nyingi jioni baada ya kazi, na kila mmoja hupewa jukumu. Kuna wasemaji waliotayarisha hotuba. Kuna watathmini, ambao husimama baadaye kumwambia kila msemaji alichofanya vizuri na cha kurekebisha. Kuna mtunza muda mwenye taa tatu. Kwa hotuba ya dakika 5 hadi 7, kijani huwaka dakika ya 5, manjano ya 6, nyekundu ya 7, na baada ya hapo una sekunde 30 za kufunga mdomo. Halafu kuna mtambulishaji. Mara nyingi ndiye huyo huyo anayeongoza kikao, lakini vilabu vingine hulitenga jukumu hilo. Kazi yake ni kumleta kila msemaji mbele.

Sasa angalia ratiba hiyo vizuri. Msemaji ana taa. Mtathmini ana taa, dakika 2 hadi 3 na basi. Hata yule anayetupwa swali la papo kwa papo ana taa. Lakini katika klabu yetu, mtambulishaji hana taa. Ndiye mtu pekee anayeweza kuongea mpaka achoke mwenyewe. Siku yangu tulikuwa wasemaji watatu na kila mmoja alitambulishwa kwa takriban dakika tatu. Hizo ni dakika 9. Kazi hiyo hiyo ingefanywa kwa sekunde 40 kila mtu, yaani dakika 2 kwa wote watatu. Zinazobaki ni dakika 7, ambazo ni hotuba nzima ya mtu wa nne. Mahali fulani kwenye orodha ya kusubiri kulikuwa na mwanachama aliyeambiwa nafasi zimejaa. Hazikuwa zimejaa. Tulizitumia kusoma vyeti.

Kwani tunasoma vyeti kwa nini? Nadhani tumeurithi mtindo huu kutoka sehemu mbili, na zote mbili hazihusiani na hotuba.

Ya kwanza ni jukwaa la mheshimiwa. Sote tumekulia kwenye hafla ambazo mtu hawezi kushika kipaza sauti kabla hajataja chifu, mwenyekiti, katibu, mgeni wa heshima na mgeni wa mgeni wa heshima, kisha aseme “itifaki imezingatiwa” wakati jua limeshatuchoma. Pale utambulisho ni kupanga watu kwa ngazi. Nani mkubwa, nani asubiri, nani apigiwe makofi ya kilo. Ya pili ni matanga. Kule wasifu wa marehemu husomwa kwa mpangilio tunaoujua sote, alizaliwa, akasoma shule ya msingi fulani, akajiunga na sekondari fulani, akaajiriwa, akaoa. Matangani mpangilio huo una maana, kwa sababu mwenyewe hawezi tena kusimama akajisemea. Lakini msemaji wako yuko hai. Amekaa pale, mikono inamtoka jasho, na ana maneno yake mwenyewe. Ukimsomea wasifu kuanzia shule ya msingi, kilichobaki ni kuuliza jeneza liko wapi.

Na la ajabu ni kwamba utaratibu wenyewe tunaoufuata unajua hatari ya sivii. Nenda kwenye mashindano ya hotuba ya Toastmasters. Hapo, mwenyekiti wa mashindano anapomwita mshindani, husema jina, kichwa cha hotuba, kichwa tena, halafu jina tena. Hakuna kingine. Hakuna daktari wala mhandisi wala mhitimu. Mambo ya mtu binafsi huulizwa baadaye, hotuba zote zikishamalizika. Sababu si ngumu kuiona. Majaji nao ni binadamu. Ukiwaambia anayekuja ni mkurugenzi wa benki, wataisikia sentensi yake ya kwanza kwa sikio jingine. Ukiwaambia anayekuja ni mtu aliyeacha chuo, pia wataisikia kwa sikio jingine, hata kama sentensi ni ile ile.

Basi kama siku ya haki tunaficha vyeti ili masikio yawe sawa, mbona siku za kawaida, siku za mazoezi, ambapo wengi tumekuja kwa sababu kule nje hakuna anayetusikiliza, tunavianika mbele kabla mtu hajafungua mdomo?

Najua nitakachoambiwa. Wa kwanza atasema kwamba wasikilizaji lazima wamwamini msemaji, na hawawezi kumwamini bila kujua katoka wapi. Nakubali, nusu. Kama muuguzi anakuja kutufundisha cha kufanya mtoto akimwagikiwa na uji wa moto, naam, niambie kwamba amehudumu wodi ya majeraha ya moto. Huo ni ukweli mmoja, unashikana na mada, na unanifanya nikae sawa kitini. Lakini shahada yake ya pili katika usimamizi inanisaidia nini na mtoto anayelia? Kipimo ni rahisi. Ukiondoa jambo hilo kwenye utambulisho, je, hotuba inapoteza kitu? Kama haipotezi, halikuwa la hotuba. Lilikuwa la mtambulishaji kujionyesha kwamba amefanya utafiti. Na kwenye hotuba yangu ya madeni, ukweli ulioshikana na mada ulikuwa kwamba nimewahi kudai pesa zangu kwa miezi saba nikalipwa zote. Hilo hakuuliza.

Wa pili atasema, kizuri chajiuza, hotuba nzuri haihitaji mlango. Huyu namheshimu zaidi, lakini amekosea. Hebu fikiria ukumbi ulivyo kabla ya msemaji wa pili. Wa kwanza ametoka kuongelea kifo cha babake. Mtu mmoja nyuma anafuta macho, mwingine anatafuta chaja, wawili wanasema kwa minong'ono jinsi mvua itakavyopandisha nauli. Hao watu bado wako kwenye chumba cha hotuba iliyopita. Lazima mtu awatoe humo, awavushe, awaweke mbele ya mlango mwingine. Msemaji akiachiwa kazi hiyo, atatumia dakika yake ya kwanza kuwakusanya. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni naye hupigiwa hodi na mtu akamfungulia. Mtambulishaji ndiye anayefungua. Cha msingi ni afungue, halafu atoke mlangoni.

Hapa lazima nikiri kitu, kwa sababu ni rahisi kuandika hasira kama ulichotendewa ni kimoja na ulichotenda hukitaji.

Miezi michache baada ya hotuba yangu nilipewa mimi zamu ya kutambulisha. Nikaapa sitakuwa kama yule. Nikawapigia wasemaji simu siku nne kabla, tena si simu ya haraka. Mmoja wao alikuwa dada anayeuza viatu vya mtumba Gikomba, na ilikuwa hotuba yake ya kwanza, ile ambayo kila mwanachama mpya hujieleza yeye ni nani. Ni hotuba fupi, dakika 4 hadi 6. Kichwa chake kilikuwa “Kiti cha Pembeni”. Tuliongea karibu nusu saa. Akaniambia kwamba sikio lake la kushoto halisikii tangu alipougua matubwitubwi utotoni. Ndiyo maana kila mkutano hukaa kiti cha mwisho upande wa kushoto, sikio hilo likiwa ukutani, ili sote tuwe upande wake wa kulia. Ndiyo maana pia ukimsalimia kutoka kushoto haitiki, na ndiyo maana nusu ya klabu ilikuwa imeshaamua kwamba anaringa. Alikuwa amepanga kutuacha tuendelee kuamini hivyo mpaka katikati ya hotuba.

Manze, ile stori ilinishika. Jioni ya mkutano nikasimama nikiwa nimejawa na huruma yangu na utafiti wangu, nikasema: “Dada huyu ni shujaa. Licha ya kutosikia sikio moja tangu utotoni, hajakata tamaa…”

Nilimwona akiwa bado kitini. Uso wake ulifunga kama duka.

Alikuja mbele akaanza na aya yake ya kwanza, ile ya watu kudhani anaringa, lakini sasa kila mtu alikuwa ameshajua jibu la kitendawili. Akaruka aya. Akaruka nyingine. Akafika kwenye sikio akasema, “kama alivyowaambia,” akatafuta kilichobaki, hakukipata. Alikaa chini dakika ya 3 bila hata taa ya kijani kumwakia. Watu walimpigia makofi mengi sana, yale makofi ya kumwonea mtu huruma, na hakuna kitu alichokuwa anakikwepa maisha yake yote kama makofi hayo.

Mtathmini wake akamshauri ajitahidi kujaza muda. Nilitamani sakafu inimeze. Muda wake ulikuwa umejaa, mimi ndiye niliyeumwaga. Yule ndugu wa kwanza alinivika digrii nisiyokuwa nayo. Mimi nilimvua dada wa watu siri yake mwenyewe kabla hajaamua kuivua. Makosa yetu ni mamoja. Sote wawili tulidhani utambulisho ni habari za msemaji, na kwamba kadiri unavyokuwa na habari nyingi ndivyo umefanya kazi nzuri zaidi.

Nimelifikiria sana jioni lile, na nimeshika zamu hiyo mara kadhaa tangu hapo. Kwa hivyo ninapolalamika silalamiki hewani, naweza kusema inavyofanywa.

Simu ipigwe siku tatu au nne kabla, isiwe kwenye meza ya chai. Unauliza kichwa cha hotuba na unakiandika neno kwa neno, kwa sababu ukisema “Kiti cha Kando” badala ya “Kiti cha Pembeni” umeshambadilishia sentensi yake ya mwisho. Unauliza hotuba ina lengo gani na ni ya dakika ngapi. Unauliza anataka kuitwa nani, maana wengi wetu tuna jina la kitambulisho, jina la kanisani na jina ambalo marafiki hutuita, na kila moja ni mtu tofauti. Unamwomba alitamke, nawe ulirudie mpaka aseme ndiyo. Hakuna kitu kinachomvunja mtu nguvu kama kuitwa mbele kwa jina lenye ng' likasomwa kama lina ng. Unauliza kwa nini yeye ndiye anayeisema mada hii. Na mwisho unauliza swali ambalo sikumuuliza yule dada: kuna jambo gani ambalo hutaki niliseme? Mara nyingi jibu la swali hilo ndiyo hotuba yenyewe.

Kisha unaandika. Usitegemee kichwa chako, andika. Maneno 60 hadi 80 yanatosha, na ukiyasoma kwa sauti ukiwa na saa ya simu utaona yanakaa ndani ya dakika moja. Mpangilio unaofundishwa kwenye vilabu hivi tangu zamani ni mzuri na hauna maajabu. Unaanza na mada, unaeleza kwa nini inawahusu hawa waliokaa hapa usiku huu, halafu ndipo unamfikia msemaji. Jina lake linakuja mwisho kabisa. Si mapambo hayo. Watu hupiga makofi wakisikia jina. Ukilitaja mwanzo, makofi yatakuja mapema, msemaji atainuka nusu, atakuona bado unaongea, atarudi kitini, na safari yake ya kwanza mbele ya watu itakuwa ya kuketi.

Kama ningeirudia ile jioni, ningeandika hivi:

“Kila ukumbi una watu wenye viti vyao. Wengine hukaa karibu na mlango ili watoroke mapema, wengine mbele ili waonekane. Usiku huu tutamsikia mtu ambaye kila mkutano amekaa kiti kile kile, na wengi wetu tumejiambia kwamba tunajua sababu. Hii ni hotuba yake ya kwanza, dakika 4 hadi 6. Kichwa chake ni ‘Kiti cha Pembeni’. Tumkaribishe kwa makofi…” na hapo jina lake, ambalo ni lake na silitaji hapa.

Ihesabu, haifiki maneno 60. Haitaji sikio, haitaji Gikomba, haitaji ushujaa. Inamkumbusha kila mtu ukumbini juu ya dhana yake mwenyewe, kisha inaiacha ikining'inia mpaka yeye aje aikate. Haisemi hotuba ni nzuri pia, na hilo ni muhimu. Ukiwaambia watu “huyu atawavunja mbavu,” watakunja mikono wakisubiri kuvunjwa, na yule maskini atalipa deni ambalo hakukopa yeye.

Kabla ya mkutano unamsomea mwenyewe. Ni sekunde 40 tu. Kama kuna uongo, atausikia akiwa bado na nafasi ya kukuambia, si akiwa kwenye hatua ya 7 kati ya 12. Ukishamwita, wewe ndiwe unayeanza makofi, na huondoki. Mimbari haiachwi tupu. Unasubiri afike, unampa mkono, unarudi nyuma bila kumkata mbele, unakaa. Ule mkono si adabu tu. Ndipo mamlaka ya ukumbi yanapohama kutoka kwako kwenda kwake, na watu huona kwa macho. Akimaliza unarudi, unampa mkono tena, unashukuru kwa sentensi moja, unaanza kuwavusha watu kwenda kwa anayefuata. Usiseme hotuba ilikugusa wapi, wala angeweza kuboresha nini. Kuna mtu amepewa kazi hiyo na dakika zake ziko kwenye ratiba.

Sasa, ninachotaka. Nataka mtambulishaji awashiwe taa kama sisi wengine, nyekundu kwenye dakika moja, bila huruma. Nataka yule mtathmini mkuu anayekikagua kikao kizima mwishoni asikilize utambulisho kwa makini na auseme kama anavyozisema hotuba, badala ya ile “mwenyekiti wetu alituongoza vyema” ambayo haimfunzi mtu kitu. Tukifanya hivyo, jukumu hili litaacha kuwa zawadi ya wenye sauti nzuri na litakuwa kile lilichokusudiwa kuwa, zoezi. Kuandika sentensi tano kumhusu mtu mwingine bila kujiingiza humo ni kugumu kuliko hotuba nyingi nilizowahi kutoa.

Na nataka swali la “umesomea nini” life kwenye ile meza ya chai. Nje ya ukumbi ule ninaulizwa kila siku. Fomu zinaniuliza, wajomba wananiuliza, baba mkwe mtarajiwa aliniuliza kabla hajaniuliza jina. Nililipa ada ya klabu nikidhani nimenunua saa mbili kwa mwezi za mahali ambapo mtu hupimwa kwa alichosimama kukisema.

Yule dada alirudi. Ilimchukua mikutano miwili, lakini alirudi, akakaa kiti chake cha kushoto. Hotuba yake ya pili iliangukia zamu yangu, sijui ni kisirani au ni nini. Nilimpigia simu siku nne kabla nikamsomea nilichoandika, kikiwa na maneno 52. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Ondoa hiyo sentensi ya tatu.”

Nikaiondoa.